Namba 103: Maikrokontrola Inavyopata Kasi ya Kutuma Maandishi

Rejista ya kasi ya UART haiandikwi kasi. Mtu anayetaka ATmega328P, ile maikrokontrola iliyomo kwenye bodi ya Arduino Uno, itume maandishi kwa kompyuta kwa baudi 9600, haandiki 9600 mahali popote ndani ya chipu. Anaandika 103. Namba hiyo hutokana na hesabu fupi ya kugawanya, na mara nyingi skrini inapojaa alama zisizosomeka, kosa limo kwenye hesabu hiyo: ama mapigo ya saa yaliyogawanywa hayakuwa yale yaliyodhaniwa, ama baki lilitupwa vibaya. Anayeielewa hesabu yenyewe anaweza kuziangalia takataka zilizotokea kwenye skrini na kukisia kosa liko wapi kabla hajagusa waya wowote.

UART ni sehemu ya chipu inayopokea baiti moja kutoka kwenye programu na kuitoa nje biti moja baada ya nyingine kupitia waya mmoja. Kwenye ATmega328P waya huo hutoka kwenye pini iitwayo TXD, ambayo ni mguu wa 3 kwenye chipu ya miguu 28, na ni pini namba 1 kwenye bodi ya Uno. Kusipokuwa na kinachotumwa, waya hukaa juu, kwenye volti 5. Herufi inapoanza, waya hushuka hadi sifuri kwa muda wa biti moja. Hiyo ndiyo biti ya kuanzia. Hufuata biti 8 za herufi yenyewe, ikitangulia ile yenye thamani ndogo kuliko zote, kisha waya hurudi juu kwa muda wa biti moja ya kumalizia. Herufi moja basi huchukua nafasi ya biti 10, na kwa baudi 9600, yaani biti 9600 kwa sekunde, herufi 960 hupita kila sekunde. Biti moja hudumu mikrosekunde 104 na kidogo. Neno baudi lenyewe limetokana na jina la Émile Baudot, mhandisi Mfaransa wa telegrafu aliyesajili hataza ya mfumo wake mwaka 1874.

Hakuna waya mwingine unaobeba mapigo ya saa kutoka kwa mtumaji kwenda kwa mpokeaji. Mpokeaji anapoona waya umeshuka, huanza kuhesabu kwa saa yake mwenyewe: husubiri biti moja na nusu, akasoma biti ya kwanza ya herufi katikati yake, kisha husoma tena kila baada ya muda wa biti moja hadi afike biti ya kumalizia. Saa mbili zisipolingana, kosa dogo la kila biti hujilimbikiza. Kutoka mwanzo wa biti ya kuanzia hadi katikati ya biti ya kumalizia kuna biti 9 na nusu, na mpokeaji akiteleza kwa nusu biti tu atakuwa amesoma biti isiyo yake. Nusu ukiigawanya kwa 9.5 unapata takriban asilimia 5. Huo ndio mpaka wa mwisho kabisa, na pande zote mbili zinaugawana. Watengenezaji wa ATmega328P wanashauri kosa la mpokeaji lisizidi asilimia 2 kwa kila upande wa kasi halisi. Herufi mpya inapoanza, kuhesabu huanza upya, ndiyo maana kosa dogo halikui hata kama maandishi ni marefu kama kitabu.

Sasa hesabu. Bodi ya Uno huendeshwa na saa ya MHz 16, yaani mapigo 16,000,000 kwa sekunde. Ndani ya UART kuna kihesabu kinachoanza kwenye namba iliyoandikwa katika rejista ya UBRR0 na kushuka hatua moja kwa kila pigo hadi sifuri. Kikifika sifuri hutoa pigo lake na kuanza tena juu. Kuhesabu kutoka 103 hadi 0 ni hatua 104, kwa sababu sifuri nayo ni hatua, na hapo ndipo inapotoka ile moja inayopunguzwa mwishoni mwa fomula. Mapigo 16 ya kihesabu hicho hufanya biti moja. Sababu ya 16 ni kwamba mpokeaji huutazama waya mara 16 ndani ya biti moja ili ajue katikati iko wapi, kisha hulinganisha tazamo la 8, la 9 na la 10 na kufuata yanayokubaliana. Mtumaji hutumia mapigo yaleyale. Fomula basi ni hii:

```
UBRR0 = F_CPU / (16 x BAUD) - 1
```

Kwa baudi 9600, 16 mara 9600 ni 153,600. Mapigo 16,000,000 yakigawanywa kwa 153,600 hutoa 104.17. Ukitoa moja hubaki 103.17, na kwa kuwa rejista hupokea namba nzima pekee, huandikwa 103. Kasi inayopatikana kwa kweli ni 16,000,000 gawanya kwa 16 mara 104, yaani 9615. Imezidi 9600 kwa asilimia 0.16 tu, na hakuna mpokeaji atakayelalamika.

Rejista ya UBRR0 ina biti 12, hivyo imegawanywa katika baiti mbili: UBRR0H hubeba biti nne za juu na UBRR0L hubeba nane za chini. Namba 103 hutoshea kwenye baiti ya chini peke yake, na mazoea ya kuandika baiti hiyo tu huanzia hapo. Mazoea hayo huvunjika kasi inapopunguzwa. Kwa baudi 2400 namba inayotakiwa ni 416, ambayo ni 1 kwenye baiti ya juu na 160 kwenye baiti ya chini. Anayeisahau ya juu hubaki na 160, na chipu hutuma kwa baudi 6211, kasi ambayo haimo kwenye orodha ya kawaida ya terminali yoyote. Mpangilio wa kuandika nao una maana: baiti ya juu hutangulia, kwa sababu ni kule kuandika UBRR0L ndiko kunakofanya kihesabu kianze na thamani mpya papo hapo.

Sehemu ya kuanzisha UART, kwa lugha ya C, ni fupi:

```c
#define F_CPU 16000000UL
#include <avr/io.h>

#define BAUD 9600UL
#define UBRR_N ((F_CPU + 8UL*BAUD) / (16UL*BAUD) - 1)

void uart_anza(void)
{
    UBRR0H = (uint8_t)(UBRR_N >> 8);
    UBRR0L = (uint8_t)UBRR_N;
    UCSR0A = 0;
    UCSR0B = (1 << TXEN0);
    UCSR0C = (1 << UCSZ01) | (1 << UCSZ00);
}
```

Mstari unaostahili kukaliwa ni ule wa UBRR_N. Kompaila inapogawanya namba nzima hutupa baki lote, hata kama ni 0.99. Kuongeza nusu ya namba ya kugawia kabla ya kugawanya, yaani 8 mara kasi, huifanya ifike kwenye namba nzima iliyo karibu zaidi. Kwa 9600 nyongeza hiyo haibadilishi kitu. Kwa 115200, kama itakavyoonekana, bila hiyo mawasiliano huharibika.

Herufi UL nazo si pambo. Kwenye chipu za jamii ya AVR namba ya kawaida ya C ina biti 16, na 16 mara 9600 ni 153,600, namba isiyoenea humo. Anayeandika 16 na 9600 bila UL hupata 22,528 badala yake, na fomula humpa 709. Chipu itatuma kwa baudi 1408 hivi. Kompaila hutoa onyo juu ya jambo hili, lakini onyo husomwa na anayeangalia maonyo.

Mistari inayobaki ni mepesi. UCSR0A huandikwa sifuri ili kuhakikisha biti ya U2X0, ambayo huiongeza kasi mara mbili, haijaachwa imewashwa na programu iliyotangulia. TXEN0 huwasha mtumaji na kuichukua pini ya TXD. UCSZ01 na UCSZ00 huchagua herufi za biti 8. Biti moja ya kumalizia na kutokuwepo kwa biti ya ukaguzi ni hali ya kawaida ya chipu. Kwenye chipu za zamani kama ATmega8 na ATmega16, UBRRH na UCSRC hutumia anwani moja, na biti ya URSEL ndiyo inayoamua ni ipi inayoandikwa. Anayehamisha programu ya ATmega328P kwenda chipu hizo bila kuiweka URSEL hujikuta ameandika mpangilio wa herufi ndani ya rejista ya kasi.

Kutuma kwenyewe ni kuweka baiti kwenye UDR0. Kabla ya hapo programu husubiri biti ya UDRE0, inayowaka pale nafasi inapokuwa tupu:

```c
void uart_herufi(char c)
{
    while (!(UCSR0A & (1 << UDRE0)))
        ;
    UDR0 = c;
}

void uart_andika(const char *s)
{
    while (*s)
        uart_herufi(*s++);
}

int main(void)
{
    uart_anza();
    for (;;)
        uart_andika("Habari ya asubuhi\r\n");
}
```

Bila kusubiri, programu inayokwenda kwa MHz 16 huimwagia UART herufi nyingi kuliko inavyoweza kuzimeza, na zile ambazo hazikukuta nafasi hupotea. Mstari huu una herufi 19 pamoja na zile mbili za mwisho, na huchukua milisekunde 20 hivi kutoka wote. Alama mbili za mwisho zinahitajika zote: `\n` huteremsha mstari na `\r` hurudisha kalamu mwanzo wa mstari. Ikikosekana `\r`, terminali nyingi huandika maneno yakishuka kama ngazi kuelekea kulia. Anayeona ngazi hiyo asiguse rejista ya kasi, maana herufi zinasomeka, na kasi iko sawa.

Upande wa kompyuta, bodi ya Uno huunganishwa kwa kebo yake ya USB. Kwenye Linux amri ni `screen /dev/ttyACM0 9600`. Kwenye Windows, PuTTY hufunguliwa kwa aina ya `Serial`, jina la mlango kama `COM3`, na kasi 9600. Chipu iliyo peke yake juu ya ubao wa majaribio huhitaji kigeuzi cha USB chenye volti zinazolingana na zake: TXD ya chipu huingia RX ya kigeuzi, na waya za ardhi za pande zote mbili huunganishwa. Waya wa ardhi ukisahauliwa, herufi huweza kutokea na kupotea bila utaratibu wowote, na mtu akadhani ni kasi.

Baudi 9600 ni mfano mwepesi, kwa kuwa MHz 16 hugawanyika kwake karibu sawasawa. Ugumu huja kwa 115200, kasi ambayo wengi huipenda kwa kuwa ni mara 12 ya ile. Fomula hutoa 7.68. Programu inayotupa baki huandika 7, na kasi halisi huwa 125,000, yaani imezidi kwa asilimia 8.5. Kinachotokea kwenye skrini kinaweza kufuatwa biti kwa biti. Mpokeaji anataka kusoma biti ya mwisho ya herufi baada ya biti 8 na nusu za saa yake, lakini kwa saa ya mtumaji muda huo ni biti 9.22. Mtumaji ameshaimaliza herufi na yuko kwenye biti ya kumalizia, ambayo siku zote ni 1. Herufi za Kiswahili, kama zote za ASCII, zina 0 mahali hapo. Kwa hiyo kila herufi hupata 1 kwenye biti yake ya juu kabisa, na mahali pa Habari terminali huonyesha alama ngeni zisizomo kwenye ASCII, kama herufi zenye nukta na vistari juu yake. Skrini iliyojaa alama za namna hiyo, zikiwa zilezile kila mstari unaporudiwa, humwambia mtazamaji kwamba mtumaji yuko mbele ya mpokeaji.

Ukikadiria vizuri utaandika 8, na kasi itakuwa 111,111, pungufu kwa asilimia 3.5. Mpokeaji anaposoma katikati ya biti ya kumalizia, mtumaji yuko biti 9.16 tangu aanze, ndiyo kwanza ameingia ndani ya biti hiyo. Herufi zitasomeka mara nyingi, na hapo ndipo hatari ilipo. Chipu ikipata joto, au kigeuzi kikabadilishwa na kingine ambacho saa yake iko mbele kidogo, akiba iliyobaki huisha na makosa huanza kujitokeza herufi moja moja, mahali pasipotabirika. Mpangilio uliofanya kazi mezani kwa asilimia 3.5 usihesabiwe kuwa unafanya kazi.

Biti ya U2X0 ipo kwa ajili ya hali hii. Ikiwashwa, biti moja hufanywa na mapigo 8 badala ya 16, na fomula hugawanya kwa 8. Kwa 115200 namba huwa 16.36, huandikwa 16, na kasi halisi ni 117,647, yaani imezidi kwa asilimia 2.1. Hatua za kihesabu zimekuwa ndogo, kwa hiyo kosa limepungua. Gharama yake huonekana chipu inapopokea: hutazama waya mara 8 tu kwa kila biti, na kiwango cha kosa kinachoshauriwa hushuka hadi asilimia 1.5. Kwa kutuma pekee gharama hiyo haipo. Kwenye Uno halisi kosa la asilimia 2.1 halionekani kabisa, kwa sababu ATmega16U2, chipu inayoiunganisha bodi na USB, nayo ina saa ya MHz 16 na hukosea kiasi kilekile upande uleule. Mtu akiitoa programu hiyo kwenye Uno na kuiweka kwenye chipu iliyounganishwa na kigeuzi cha aina nyingine, kosa lililokuwa limejificha hutokea.

Tiba kamili ni saa inayogawanyika bila baki. Kristali ya MHz 14.7456 huonekana namba ya ajabu dukani hadi pale inapogawanywa: kwa 16 mara 115200 hutoa 8 kamili, na kwa 16 mara 9600 hutoa 96 kamili. Rejista huandikwa 7 na 95, na kosa ni sifuri kwa zote mbili.

Hitilafu inayowapata wengi zaidi haimo kwenye kugawanya bali kwenye namba inayogawanywa. `F_CPU` haiiambii chipu iende kwa kasi gani. Ni maelezo kwa kompaila tu. ATmega328P mpya kutoka kiwandani haitumii kristali yoyote, hata kama imechomekewa. Hutumia saa yake ya ndani ya MHz 8, tena ikiwa imegawanywa kwa 8, yaani MHz 1. Programu iliyoandikwa kwa MHz 16 huweka 103 kama kawaida, na 1,000,000 gawanya kwa 16 mara 104 ni 601. Chipu inatuma kwa baudi 601 huku terminali ikisikiliza kwa 9600. Biti ya kuanzia peke yake hudumu kiasi cha biti 16 za terminali, ambayo huiona kama herufi ya sifuri tupu isiyo na biti ya kumalizia. Skrini hubaki nyeupe, au hutokea alama chache zisizo na umbo la herufi.

Kipimo chake hakihitaji kifaa. Terminali hufunguliwa kwa baudi 600. Maneno yakisomeka safi, chipu inakwenda kwa MHz 1. Yakisomeka kwa 4800, chipu inakwenda kwa MHz 8, kwa kuwa nusu ya 9615 ni 4808. Kasi inayosomeka, ikigawanywa kwa kasi iliyokusudiwa, ndiyo sehemu ya saa iliyodhaniwa ambayo chipu inayo kwa kweli.

Chipu hiyo ya MHz 1 inaweza kuachwa hivyo na bado itume 9600. Kwa mapigo 16 namba ni 5.51, na hapana jibu zuri: 6 hukosea kwa asilimia 7, na 5 hukosea kwa zaidi ya 8. Kwa U2X0 namba ni 12.02, huandikwa 12, na kosa hurudi kuwa asilimia 0.16. Hesabu imekaa vizuri, ila saa yenyewe haijakaa: saa ya ndani hutoka kiwandani ikiwa na ruhusa ya kukosea hadi asilimia 10 kila upande, na hubadilika na joto na volti. Chipu moja itaandika safi na ya pili iliyonunuliwa nayo itaandika takataka, programu ikiwa ileile.

Kujua saa inakosea kiasi gani, hutumwa herufi U kubwa mfululizo. Biti zake ni 01010101, na zikiunganishwa na biti ya kuanzia iliyo 0 na ya kumalizia iliyo 1, waya hupanda na kushuka kwa kila biti bila kukosa. Hilo ni wimbi la mraba lenye nusu ya kasi ya baudi, na mita ya mkononi yenye kipimo cha Hz hulisoma. Kwa namba 12 na U2X0, saa iliyo sahihi hutoa Hz 4808. Mita ikionyesha 4610, kasi ni baudi 9220, pungufu kwa asilimia 4 ya 9600. Rejista ya OSCCAL huongezwa hatua moja moja, mita ikitazamwa, hadi isome karibu na 4800, na thamani hiyo huandikwa mwanzoni mwa programu ya chipu hiyo, kabla ya `uart_anza`. Chipu nyingine hupimwa upya.